Keshero: Orodha ya soko ya sahani nane, toka bajeti ya mwezi hadi meza ya sambaza

Katika nyumba moja ya mtaa wa Keshero, hapa Goma, chakula cha mwezi kilikuwa kinaisha tarehe 22. Mbele ya hapo kilikuwa kinafika hadi mwisho, hata kama ni kwa shida. Kilichobadilika kilionekana na kila mtu: mdogo wake mama wa nyumba alifika kutoka Masisi pamoja na mtoto wake mmoja, baada ya vita kuwafukuza kijijini. Watu sita wakawa wanane. Hakuna aliyesema lolote kwa sauti, lakini mdogo mtu alianza kula kidogo na kuondoka mezani mapema, na mtoto wake alianza kusema ameshiba kabla hajamaliza sahani.

Ndipo mama wa nyumba alipochukua daftari la shule lililobaki na kurasa chache. Alitaka kujua jambo moja tu: je, ni kweli midomo miwili ndiyo iliyokula siku nane za mwisho wa mwezi? Jibu alilipata kwa kuandika orodha ya manunuzi kwa njia ambayo wengi hawaitumii. Hakuiandika kama mtu anayekumbuka vitu kimoja kimoja. Aliipanga kufuatana na mahali pesa inapotokea mkononi: meza ya maharagi, depo ya bunga, mwuzaji wa makala, meza ya mboga. Kila mahali palipewa pesa yake kabla ya mguu kutoka nyumbani.

Kwanza pesa, kisha soko

Bwana ni mlinzi, naye analipwa dola 150 kwa mwezi. Mama anauza sabuni na chumvi mbele ya nyumba, faida yake ni kama dola 50. Jumla ni 200. Lakini 200 si pesa ya kula, na hapo ndipo wengi hukosea hesabu.

Tangu benki za Goma zilipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, mishahara mingi inapita kwenye simu, na anayetoa pesa hiyo kwa ajenti anaacha kitu. Kwake yeye zinabaki dola 5 kwa ajenti. Nyumba ni dola 40. Shule ya watoto, akiigawa kwa miezi, ni 25. Dola 10 anazifunga pembeni kwa ugonjwa au msiba. Hizo ni dola 80 zilizokwisha kabla ya kikapu kubebwa. Zinazobaki ni 120, nazo ndizo za chakula, makala, maji na sabuni ya nyumba.

Kisha alihitaji kujua nyumba inakula kiasi gani. Hapo mdogo wake alisaidia, maana alipita kambini na anakumbuka mgao. Mashirika yanayogawa chakula huhesabu kwa mtu mmoja kwa siku karibu gramu 400 za bunga, gramu 60 za maharagi, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi. Ukizidisha kwa watu wanane na siku 30, maharagi yanakuwa kilo 14 na kitu, mafuta kilo 6, chumvi kilo moja na kitu. Bunga inakuwa kilo 96, na hiyo pesa yao haifiki.

Kwa hiyo waliamua hivi: bugali ni mara moja kwa siku, jioni, na kilo 40 za bunga zinatosha. Chakula cha mchana kitakuwa viazi, ndizi au muhogo. Maharagi hawakuyapunguza, kwa sababu nyama haipo kwenye orodha na samaki ni mdogo.

Wakati wa kuandika idadi ya watu, mama aliandika "6 na wageni 2". Mdogo wake alimshika mkono akamwambia: "Yaya, andika sahani nane. Ukiandika wageni, kila mwezi utatuhesabu peke yetu." Yaya akafuta, akaandika nane.

Orodha yenyewe

Bei hizi ni zile alizolipa yeye mwezi huo. Juma lingine zinaweza kuwa tofauti, na kila nyumba iweke za kwake. Kilicho muhimu ni mpangilio.

*Nyumbani, kwa mwuzaji wa makala:* mfuko mmoja mkubwa, dola 25.

*Depo ya bunga, mara moja kwa mwezi:* bunga ya mahindi kilo 25, dola 18.

*Kituku, meza za vyakula vikavu, mara moja kwa mwezi:* maharagi kilo 15, dola 15. Bunga ya muhogo kilo 15, dola 9.

*Kituku, meza ya mafuta:* mawese lita 5, dola 8. Chumvi dola 1.

*Butiki ya karibu na mahali pa maji:* sabuni dola 4. Maji ya bidoni dola 4, na mengine watoto wanachota ziwani na kuyatia dawa.

*Kituku, viazi na ndizi, kila juma:* dola 5, yaani 20 kwa mwezi.

*Meza ya mboga na sambaza, mara tatu kwa juma:* dola 4 kwa juma, yaani 16.

Ukijumlisha unapata 120. Mtu ataona kwamba orodha ina vitu vya namna mbili. Vinavyokaa vinanunuliwa mara moja, siku pesa inapoingia: makala, bunga, maharagi, mafuta, chumvi, sabuni. Hivyo vinakula dola 80. Vinavyooza, pamoja na maji, vinalipwa kidogo kidogo na dola 40 zilizobaki. Dola hizo 40 anazibadilisha franga na kuzifunga katika vifungo vinne vya kitambaa, kimoja kwa kila juma. Kifungo cha juma la tatu hakifunguliwi katika juma la pili, hata kama sambaza ya siku hiyo ni nzuri.

Kabla ya kubadilisha, anauliza bei ya dola kwa wabadilishaji wawili, na anaitazama kila noti. Dola iliyochanika hata kidogo pembeni, mwuzaji wa soko ataikataa au ataipunguzia bei. Noti mbaya iliyopokelewa mwanzo wa mwezi ni kilo kadhaa za maharagi zilizopotea.

Kutembea ndani ya Kituku

Soko la Kituku liko kando ya ziwa Kivu, na mitumbwi inaleta vyakula toka Minova, Kalehe na Idjwi. Barabara ya Sake kuelekea Minova ilipokatwa na vita mnamo Februari 2024, njia ya maji ilibeba mzigo mkubwa zaidi, na siku ambayo mitumbwi ni michache bei inaonekana hapo hapo. Kwa hiyo mama haendi siku yoyote. Anauliza majirani kwanza kama mitumbwi imefika, na anakwenda asubuhi, wakati mifuko inafunguliwa.

Anaanza na vikavu na vizito. Maharagi na bunga ya muhogo vinapimwa, vinafungwa, vinaachwa kwa mwuzaji anayemfahamu, naye anaendelea na mikono mitupu. Kisha viazi na ndizi. Kisha mafuta. Sambaza na mboga ni za mwisho, kwa sababu hazivumilii jua wala kukandamizwa na mfuko. Anayeanza na sambaza atafika nyumbani na samaki waliopasuka matumbo, naye atakuwa ametoa pesa ya maharagi akiwa bado hajayaona.

Tena ipo sababu ya pesa. Vikavu ndivyo tumbo la mwezi mzima. Vikinunuliwa kwanza, hata bei ikiwa imepanda, kinachopungua ni ndizi za juma moja. Vikinunuliwa mwisho, kinachopungua ni maharagi ya siku kumi.

Kopo, kilima na kilo

Kwenye meza ya maharagi ndipo mama alipopata hasara yake ya kwanza. Sokoni mwetu wengi wanapima kwa kopo, na yeye alikuwa anahesabu kwamba kopo lake moja ni kilo na nusu. Mwezi ule alinunua makopo 10, akayapeleka kwa mwenye mzani. Yakatoka kilo 13. Kilo mbili alizozilipa hazikuwahi kuingia nyumbani, na ilikuwa hivyo kila mwezi.

Sababu ni mbili, na macho yanaweza kuziona. Kopo linaweza kuwa limegongwa chini hadi kitako kimeingia ndani. Ligeuze, au tia mkono uguse. Na kilima cha juu kinaweza kufutwa haraka kwa kiganja kabla ya kumwagwa mfukoni. Mwuzaji mmoja anaweza kuuza kopo kwa franga chache kuliko jirani yake na bado awe ghali zaidi. Kwa hiyo kwenye orodha mama sasa anaandika kilo, haandiki makopo. Kila mwuzaji mpya anapima kwake kopo moja tu, analipeleka kwenye mzani, kisha anaamua.

Baada ya uzito, anauma punje moja. Jino likizama, maharagi bado yana maji: yatakuwa mazito kwenye mzani na yataota ukungu katika mfuko. Ikiwa ni magumu kama jiwe na rangi imefifia, ni ya zamani: yataiva baada ya saa nyingi, na saa hizo zinalipwa kwa makala. Yakiwa na vitundu vidogo, wadudu wamekwisha kuanza kula. Anayoyataka ni makavu, yanayong'aa, ya mavuno ya karibuni. Katika Kivu mavuno ya maharagi ni mara mbili, karibu Desemba na Januari, kisha Juni na Julai. Hiyo ndiyo miezi ambayo kilo inashuka bei, na akiweza ananunua kilo tatu zaidi ya orodha.

Bunga ya muhogo anaifinya mkononi. Ikifunguka na kuanguka, ni kavu. Ikibaki donge, ina unyevu na haitamaliza mwezi. Mawese anayatazama katika chupa iliyotulia, maana yaliyochanganywa na maji yanaonyesha tabaka chini. Sambaza mbichi anaangalia jicho na tumbo: jicho jeupe na tumbo lililopasuka ni samaki wa jana.

Makala ndiyo yaliyokula mwezi

Hasara ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kopo, na haikuwa chakula. Zamani mama alinunua makala kila siku katika mifuko midogo ya nailoni, kwa franga ambazo hazikumuumiza. Alipoandika siku 30 mfululizo, zilifika dola 36. Mfuko mkubwa unaowapikia mwezi mzima ni dola 25. Dola 11 zilikuwa zinaondoka kwa moshi.

Bunga ilikuwa hivyo hivyo. Kwa kuinunua kwa kikombe kwenye butiki ya jirani, kilo zile zile 40 zilimgharimu dola 6 zaidi. Ukiongeza kilo mbili za maharagi, dola 2, jumla ya hasara ni dola 19 kila mwezi.

Sasa tuweke hesabu ya wageni kando ya hiyo. Chakula peke yake kwenye orodha, bila makala, maji na sabuni, ni dola 87. Sahani mbili kati ya nane zinachukua robo, yaani karibu dola 22. Mdogo mtu anafua nguo za watu, anapata kama dola 2 kwa juma, na pesa hiyo anaitia katika mboga. Kwa mwezi ni 8. Dola 19 zilizokuwa zinapotea pamoja na dola 8 anazoleta ni 27, wakati yeye na mtoto wanakula 22. Yeye na mtoto hawakuwa sababu ya tarehe 22. Kilichowafikisha pale ni mifuko midogo ya makala, kikombe cha bunga na kopo lililogongwa kitako. Hayo yalikuwapo hata kabla hawajafika, ila sahani zilikuwa chache na hayakuonekana.

Makala yenyewe yanapungua kama maharagi yakilazwa katika maji usiku kucha, maji hayo yakamwagwa, na sufuria ikafunikwa. Mama anapika maharagi ya siku mbili kwa moto mmoja, kisha siku ya pili anayapasha tu. Hafanyi ya siku tatu, kwa sababu hana friji na yanachacha.

Alama za tarehe 8, 15 na 22

Orodha nzuri inaweza kuharibika nyumbani. Bunga ikiwa nyingi mkono unakuwa mpana, na juma la kwanza linakula la nne. Kwa hiyo siku ile ile ya soko kilo 40 zinagawanywa katika mifuko minne ya kilo 10, na maharagi katika mafungu manne ya karibu kilo nne kila moja, la mwisho likiwa dogo kidogo. Fungu la nne linafungwa kwanza na kuwekwa juu, mbali na mkono.

Tarehe 8, 15 na 22 mama anatazama. Mfuko wa juma ukiisha siku mbili mapema, hafungui mwingine. Anaweka ndizi au viazi mahali pa bugali kwa siku hizo mbili, kisha anatafuta sababu: watu walioongezeka mezani, kipimo cha kikombe kilichobadilika, au mtoto aliyetumwa kwa jirani na bakuli. Kupunguza sahani kidogo kwa siku mbili katika juma la pili ni rahisi. Kukosa kabisa siku nane mwishoni ndiko kunakowafanya watu waangaliane vibaya.

Asiye na pesa ya mfuko mzima

Orodha hii ina mpaka wake. Inataka dola 80 siku moja, na familia nyingi za wahami zinapata franga za siku kwa siku. Kwao mfuko wa makala wa dola 25 ni hadithi. Wanawake wanne wa mtaa huo wamelitatua kwa likelemba: kila juma kila mmoja anatoa sawa, na mmoja anapokea zote. Anayepokea hapewi pesa mkononi. Wanakwenda wote kwa mwuzaji wa makala na mfuko unaingia kwake. Wengine watatu wananunua pamoja mfuko mmoja wa bunga wa kilo 25 na kuugawa kwa mzani. Wanatumia mzani, hawatumii kikombe, kwa sababu kikombe kinaleta maneno.

Kuna pia anayeishi kwenye hema au chumba kinachovuja. Huyo asinunue cha mwezi, hata akiwa na pesa. Bunga iliyolowa mvua moja ni hasara kubwa kuliko faida yote ya kununua jumla, na panya hawajui bajeti. Katika vijia ambamo wezi wanaingia usiku, chakula cha juma moja ndani ya nyumba kinatosha. Orodha yake ipangwe kwa juma, kwa meza zile zile na mfuatano ule ule: vikavu kwanza, mboga mwisho.

Na safari ya Birere ihesabiwe vizuri. Mama huyu alisikia kwamba mfuko wa bunga kule ni dola moja chini ya depo ya Keshero. Ni kweli. Lakini moto ya kwenda na ya kurudi na mzigo ilikula dola hiyo na zaidi. Akiwa na jirani wawili na mifuko mitatu kwenye gari moja, faida inarudi. Akiwa peke yake, depo ya karibu ndiyo rahisi.

Daftari lina safu ya mwisho ambayo mama anaijaza jioni ya siku ya soko: bei aliyoiandika kabla, na bei aliyolipa kweli. Mwezi huu maharagi yalipanda kwa dola 2, na dola 2 hizo zilitoka katika ndizi za juma la kwanza, si katika kifungo cha juma la nne. Tarehe 22 ilipopita, fungu la mwisho la maharagi lilikuwa bado limefungwa, na mtoto wa mdogo mtu aliomba kuongezewa bugali.